Fremu inasema 0.2, halafu A, B, C: breketi ishikwe vipi kabla ya kutoboa?

"Nimepewa mchoro wa breketi ya umbo la L. Kitako ni 120 kwa 80, unene 12, na ukuta una kimo cha 60. Kwenye kitako kuna matundu manne ya bolti za M8, kipenyo 8.4 na toleransi +0.2/0. Yako milimita 35 na 65 kutoka B, na 20 na 100 kutoka C, lakini namba hizo zimefungwa ndani ya visanduku na hazina toleransi. Chini ya kipenyo kuna fremu: duara lenye msalaba, ⌀0.2, herufi M ndani ya duara, kisha A, B, C. Jedwali la mchoro linasema ISO 2768-mK. Mwenzangu anasema maana yake ni jumlisha-toa 0.2. Mimi nataka kubana ukuta kwenye jiliwa, niguse kona, niweke sifuri, nitoboe yote manne. Vipande ni 30. Niko sawa?"

Kinachonitia wasiwasi ni sifuri yako, kuliko hiyo 0.2. Kosa la mwenzako linarekebishwa kwa kalamu na karatasi. Mpango wako wa jiliwa, kwa upande mwingine, unaweza kukupa matundu manne safi yaliyoachana kwa umbali sahihi kabisa, na bado vipande vyote 30 vikarudishwa na mkaguzi. Nianze na la mwenzako tulimalize.

Namba iliyofungwa kwenye kisanduku imenyimwa toleransi kwa makusudi. Inaonyesha mahali ambapo mhimili wa tundu ungekuwa kama dunia ingekuwa kamilifu: 35 kamili kutoka uso wa B, 20 kamili kutoka uso wa C. Ruhusa ya kukosea imehamishiwa kwenye fremu, kwa hiyo toleransi za jumla za kwenye jedwali haziigusi namba hiyo. Mwenzako amepotoshwa na sadfa. Kwa daraja m la ISO 2768, kipimo cha 20 kingepewa ±0.2, na ndiyo sababu aliona mambo yanafanana. Angetazama ile 35 angekuta jedwali linatoa ±0.3, na hapo angeanza kujiuliza.

Fremu yenyewe inasomwa kutoka kushoto kwenda kulia:

```
⌖ | ⌀0.2 Ⓜ | A | B | C
```

Duara lenye msalaba ni alama ya mahali. Ile ⌀0.2 ni kipenyo cha silinda nyembamba isiyoonekana, iliyosimama wima juu ya uso wa A, na katikati yake ni pale hasa penye 35 na 20. Mhimili wa tundu lako lazima ukae ndani ya silinda hiyo kuanzia uso wa juu wa kitako hadi wa chini, milimita zote 12. Kwa kuwa 0.2 ni kipenyo, mhimili unaweza kuhama 0.1 tu kutoka katikati, upande wowote. Ukifuata ±0.2 ya mwenzako, kwenye kona utakuwa umehama karibu 0.28, na hapo umeshatoka nje ya silinda zamani.

Hata ukiipunguza ukasema "basi ni ±0.1", bado si sawa. Jumlisha-toa huchora mraba, na fremu inataka duara. Chukua tundu ulilolipima ukapata 35.09 na 20.09. Kwa mawazo ya ±0.1 limepita kila upande. Kwa fremu unahesabu hivi:

```
2 × √(0.09² + 0.09²) = 0.255
```

Ile mbili ya mwanzo ni kwa sababu unalinganisha na kipenyo, si nusu kipenyo. Wengi huisahau, wanapata 0.127 na kujipongeza bure. Jibu la 0.255 limezidi 0.2. Tundu limeanguka, labda liokolewe na ile M.

M ndani ya duara inazungumzia hali ambayo kipande kina chuma kingi zaidi. Kwa tundu, chuma ni kingi pale tundu linapokuwa dogo zaidi, yaani 8.4. Hapo ndipo bolti inabanwa zaidi na kosa linaloruhusiwa ni 0.2 tu. Tundu likiwa kubwa kidogo, bolti inapata nafasi ya kuhama, kwa hiyo mchoro unakuongezea kiasi kilekile. Tundu letu la 35.09 na 20.09 likiwa na kipenyo cha 8.46, nyongeza ni 0.06, ruhusa inafika 0.26, na kosa la 0.255 linapita kwa kukwaruza. Likiwa 8.42, ruhusa ni 0.22 na kipande ni chakavu. Mahali ni palepale na kosa ni lilelile, ila majibu yanatofautiana kwa sababu ya kipenyo.

Hesabu iliyozaa hiyo 0.2 si ya kubahatisha. Bolti ya M8 ikipita kwenye tundu la 8.4 na kuingia kwenye tundu lenye hesi upande wa pili, kuna mchezo wa 0.4 kati yake na tundu. Msanifu ameugawa nusu kwa nusu: 0.2 kwa breketi yako na 0.2 kwa sehemu inayoipokea. Toa 0.2 kwenye 8.4 upate 8.2. Hicho ni kipenyo cha pini ambayo lazima iingie daima ikiwa imesimama penye 35 na 20 kamili, tundu liwe la ukubwa wowote unaoruhusiwa. Ukipenda kujitengenezea geji kwa vipande 30, ni bamba lenye pini nne za 8.2 pamoja na vizuizi vya B na C. Breketi ikikaa, imepita, bila hesabu yoyote.

Tahadhari moja kuhusu nyongeza: ipime kwa pini kubwa zaidi inayoingia kwenye tundu. Meno ya ndani ya kalipa kwenye tundu dogo hayaaminiki, na tundu lililotobolewa kwa biti mara nyingi si duara kamili. Usiende kuomba nyongeza ambayo bolti haitaiona.

Sasa A, B, C, ambapo ndipo penye kazi. Herufi hizo ni datamu, yaani nyuso za breketi ambazo vipimo vinaanzia, na zimepangwa kwa cheo, si kwa alfabeti. Zingekuwa zimeandikwa B, A, C, sehemu ingekuwa tofauti ingawa mchoro ni uleule. A ya kwanza inadai breketi ilale juu ya uso wa A na kugusa angalau sehemu tatu zilizo juu zaidi. Hapo imekatazwa kuyumba, lakini bado inaweza kuteleza na kuzunguka kama sahani mezani. B inafuata: breketi inasukumwa mpaka iguse sehemu mbili, na kuzunguka kunakoma. C inamalizia kwa sehemu moja, na kuteleza kunakoma. Tatu, mbili, moja. Kinachosahaulika ni kwamba B inatafutwa huku A ikiwa imelala tayari, na haina ruhusa ya kuiinua.

Kama A ni uso wa chini wa kitako na B ni mgongo wa ukuta, kama ilivyo kawaida kwenye breketi za aina hii, sababu ya mpangilio huu iko kwenye bolti zenyewe. Zikikazwa, ni kitako kinachovutwa kwa nguvu kwenye mashine, na mgongo wa ukuta unaegemea tu. Msanifu amekuandikia namna breketi itakavyoishi, na anataka uishike hivyohivyo ukiwa unaitoboa.

Ukibana ukuta kwenye jiliwa, nani anakuwa wa kwanza? Mgongo wa ukuta, yaani B, kwa sababu ndiko nguvu iliko. Taya lisilosogea linaulaza mgongo juu yake, na kitako kinafuata kitakavyo. Ukuta na kitako vingekuwa na pembemraba kamili isingekuwa na neno. Lakini tazama tena lile jedwali: ile K ya ISO 2768-mK inaruhusu ukuta wa kimo chako ukose pembemraba kwa 0.4. Tuseme wako umekosa 0.3 tu, kilele kimeegemea nyuma. Ni ukuta halali, hakuna atakayeukataa.

Ubane huo ukuta kwenye jiliwa. Mgongo utanyooka na taya, na breketi nzima itazunguka kiasi cha 0.3 kwa kila 60. Kwenye kitako chenye 80, upande wa kisigino, ule ulio chini ya ukuta, utanyanyuka kwa karibu 0.4 kutoka kwenye paraleli, vile vipande vya chuma vinavyokibeba kitako. Unaweza kulithibitisha kwa vidole: sukuma paraleli ya nyuma, kama inacheza, A haijalala. Kugonga kwa nyundo ya plastiki hakutasaidia, maana jiliwa lina nguvu kuliko nyundo yako. Ukitoboa hapo, tundu litakuwa limeinama 0.06 kati ya uso wa juu na wa chini wa kitako. Karibu theluthi ya silinda yako ya 0.2 imeliwa kabla hujakosea kitu kingine chochote.

Na hilo ndilo kosa dogo. Kubwa liko kwenye kugusa kona. Tuseme umeacha jiliwa, kitako kimelala vizuri juu ya paraleli, unateremsha kifaa cha kutafutia ukingo na kugusa mgongo wa ukuta. Unaugusa wapi? Mafundi wengi hugusa chini karibu na kitako, kwa sababu wanafikiri ndiko matundu yaliko. Lakini datamu B ni ubao wa kufikirika uliosimama wima juu ya A na kugusa sehemu ya mgongo iliyotokeza zaidi. Ukuta ukiwa umeegemea nyuma, sehemu hiyo ni kilele. Ukigusa milimita 5 kutoka chini, sifuri yako iko ndani ya datamu kwa karibu 0.27. Matundu yote manne yatahama 0.27 kwa pamoja, na ukiyapima kutoka B halisi kosa la mahali ni karibu 0.55. Hakuna nyongeza ya M itakayokuokoa, kwa sababu tundu likifika 8.6 ruhusa yote ni 0.4. Ukuta ukiwa umeinamia mbele badala ya nyuma, chini ndiko kunakotokeza, na kugusa kulekule kunakuwa sahihi. Ndiyo maana fundi mmoja anafanya hivyo miaka mingi na kusema hajawahi kurudishiwa kitu.

Nimelipa ada ya somo hili. Nilitoboa breketi 14 za aina hii kwa kugusa chini, nikapima umbali kati ya tundu na tundu kwa kalipa, nikakuta hakuna lililozidi 0.03. Nikazituma nikiwa nimetulia. Zikarudi zote. Niligombana na mkaguzi mpaka aliponiita kwenye bamba lake la kupimia, akaweka breketi juu ya A, akasogeza skweya mgongoni, akaniambia niangalie chini. Mwanga ulikuwa unapita kati ya skweya na ukuta. Yeye alipima kutoka kwenye skweya, mimi nilikuwa nimepima kutoka kwenye chuma.

Kwa hiyo fanya jaribio hilohilo kabla ya kuwasha mashine. Weka breketi juu ya bamba la kupimia au meza iliyonyooka, A chini, skweya mgongoni, na ujaribu fila geji juu na chini. Utajua ukuta umeegemea wapi na kwa kiasi gani. Pima vipande vitano sita, si kimoja, maana kama vimechomelewa kila kimoja kitakuwa na tabia yake.

Halafu funga hivi. Bolti bamba la pembemraba juu ya meza ya mashine ya milingi, ulinyooshe na mwendo wa meza kwa geji ya saa, na ulipime wima wake pia. Bamba liwe refu kuliko ukuta wa breketi, la sivyo kilele hakitaligusa. Weka paraleli mbili za kimo kimoja, mahali ambapo biti haitazikuta ikitokea chini. Laza A juu yake, sukuma mgongo uguse bamba, kisha telezesha breketi mpaka ubavu wa C uguse kizuizi kimoja. Kimoja tu, tena chembamba, pini ya duara inatosha. Ukiweka vizuizi viwili upande wa C vitashindana na B kuhusu nani anyooshe breketi. Mwisho bana kwa klampu zinazoshuka chini moja kwa moja, juu ya paraleli zilipo. Klampu ikishuka penye uwazi itakipinda kitako, utatoboa kikiwa kimepinda, na ukifungua kitarudi na matundu yake.

Sifuri unaichukua kwenye bamba la pembemraba, si kwenye breketi. Kwa C, ukingo wa pini unaogusana na breketi ndio sifuri, na hapo usisahau nusu ya kipenyo cha pini ikiwa umeitafuta katikati yake. Raha ya mpangilio huu ni kwamba vipande 29 vinavyofuata havihitaji kuguswa tena. Unaweka, unasukuma, unabana. Futa chipsi kila mara, kwa sababu chipsi moja chini ya A inarudisha matatizo yote niliyoyaeleza.

Anza kila tundu kwa biti fupi ya kuwekea alama, kisha biti kamili. Biti ndefu ikianza peke yake huteleza, na 0.1 yako inaishia hapo. Jaribu biti ya 8.4 kwenye kipande chakavu cha unene uleule. Kwa kawaida tundu hutoka kubwa kidogo kuliko biti, na kwako hilo ni jema mradi halifiki 8.6. Kwa yale matundu ya 35, hakikisha pia kishikio cha biti hakigongi ukuta: ukuta una kimo cha 60, kwa hiyo kikiwa kinene utahitaji biti ndefu zaidi, na biti ndefu inahitaji alama nzuri zaidi ya kuanzia.

Je, jiliwa halifai kabisa? Linafaa ikiwa wewe ndiye utakayeusaga mgongo wa ukuta na uso wa A, na unaweza kuziweka kwenye pembemraba ya ndani ya 0.03 hivi. Hapo kuinama kunakuwa kudogo na jiliwa ni haraka zaidi. Kama breketi zimekuja zimeshachomelewa au kusagwa na mtu mwingine, usilitegemee. Kusaga mgongo upya ili tu jiliwa likubali kunavutia, lakini unaondoa chuma ambacho huenda mchoro unakihitaji kwenye unene wa ukuta, kwa hiyo usifanye bila ruhusa.

Kuna hali ambazo mimi siwezi kukuamulia kwa maandishi, na utapaswa kwenda na mchoro mkononi kwa msanifu au mkaguzi. Ya kwanza ni pembetatu ya datamu iliyochorwa kwenye mstari mmoja na mshale wa kipimo. Hapo datamu si uso huo, bali ni katikati ya vile viwili vinavyopimwa, na mpangilio wote niliokupa unabadilika. Ya pili ni B au C kuwa uso mbichi, wa kukatwa kwa moto au kutupwa kwenye kalibu, bila alama za mahali pa kugusa. Uso kama huo unagusa tofauti kila unapouweka, na msanifu anapaswa kusema ni sehemu zipi ziguswe. Ya tatu ni jaribio la skweya kukuonyesha ukuta umekosa zaidi ya 0.4. Breketi hizo zimeharibika kabla hazijafika kwako, na ni vizuri hilo lijulikane na kuandikwa kabla hujatoboa tundu la kwanza.

Kipande cha kwanza kikitoka, usikipime kikiwa bado kimebanwa. Kifungue, kirudishe juu ya bamba la kupimia na skweya mgongoni, ingiza pini kwenye kila tundu, upime kutoka kwenye skweya na kutoka C, juu ya kitako na tena chini yake. Utakuwa na jozi nane za namba. Ziingize kwenye ile hesabu ya mbili mara kipeuo cha pili, linganisha na ruhusa ya kila tundu kwa kipenyo chake, kisha mpelekee mkaguzi kipande hicho pamoja na karatasi yako kabla ya kufunga cha pili.